Roboti sitini zilizosimama tu

Mwaka jana, katika shindano letu la kwanza la Minecraft hapa komini ya Kenya (Kenya ya Lubumbashi, si ile nchi), seva yangu ilishindwa ikiwa na watoto 27 ndani. Haikuzimika. Ingezimika ingekuwa nafuu. Mtoto anavunja jiwe, jiwe linapotea, anageuka kwenda zake, na baada ya sekunde mbili jiwe limerudi mahali pake. Mwingine amepiga mshale, ameuona ukiingia kifuani mwa adui, na adui anaendelea kukimbia kama hakuna kitu. Kuku wamesimama hewani. Na kwenye kioo changu mstari huu unajirudia, seva ikilalamika kwamba imebaki nyuma kwa sekunde nne na zaidi:

```
Can't keep up! Is the server overloaded? Running 4213ms or 84 ticks behind
```

Mama mwenye ukumbi alirudisha pesa za kiingilio, franga elfu kumi kwa kila mtoto, noti kwa noti, mbele ya macho yangu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Mwaka huu aliandikisha watoto 48 kabla hata hajaniuliza. Aliniambia tu, "Nilisha kuandika batu makumi ine na munane. Masini yako itaweza?" Nikamjibu itaweza, kwa sababu kwenye faili la mipangilio nilikuwa nimeandika `max-players=50`. Ndiyo hesabu yote niliyokuwa nayo. Nilipofika nyumbani ndipo nikajicheka: ile namba ni idadi ya viti tu. Unaweza kuandika 500 na seva haitakubishia.

Basi nikaamua kuipima kabla watoto hawajaipima wenyewe. Watoto 48 wa majaribio sikuwa nao, lakini kuna maktaba ya Node.js iitwayo `mineflayer` inayotengeneza mchezaji bandia: anaingia kwenye seva kama mtu, ana jina, ana mwili, anatembea, anachimba. Seva haimtofautishi na mtoto aliyekaa kwenye kiti. Kwa kuwa mashindano yetu ni ya ndani ya ukumbi, kwa kebo, bila intaneti, seva iko kwenye `online-mode=false`, haikagui akaunti za watu mtandaoni, na majina yanayoruhusiwa yako kwenye `whitelist`. Nikaongeza humo roboti1 hadi roboti60, na `max-players` nikaipandisha ili viti visiishe.

Nilikosea tangu hatua ya kwanza. Nilianzisha roboti zote kwenye laptopu yangu. Moja ikaingia, zilizobaki zikafukuzwa na maneno `Connection throttled! Please wait before reconnecting.` Seva haipendi anwani moja igonge mlango mara nyingi kwa haraka. Kwenye `bukkit.yml` kuna `connection-throttle: 4000`, yaani kila anwani isubiri sekunde nne kabla ya kugonga tena. Ni kinga nzuri. Ila kuna anwani moja ambayo haizuiwi, 127.0.0.1, yaani kompyuta ya seva yenyewe. Nikaona njia ya mkato: nikahamishia roboti kwenye mashine ya seva. Zote 60 zikaingia. Nikaandika `/tps`, nikajibiwa 20.0. Nikalala vizuri usiku ule.

Ile 20.0 inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyonidanganya. Seva ya Minecraft inaishi kwa mapigo, kama moyo. Inatakiwa kupiga mara 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo lina milisekunde 50 za kufanya kila kitu: kusogeza wachezaji, kuwatembeza ng'ombe, kumwaga maji, kuhesabu mishale. Ikimaliza kazi kwa milisekunde 12, inapumzika 38 zilizobaki. Ikimaliza kwa 48, inapumzika mbili. Katika hali zote mbili `/tps` itakuonyesha 20. Namba inaanza kushuka pale tu kazi inapozidi 50, na hapo umeshachelewa. Ni kama kupima debe la maji kwa kungoja limwagike. Ninayoiangalia siku hizi ni `/mspt`, inayosema pigo limechukua milisekunde ngapi, na zaidi ya hapo `/spark tps`, kwa sababu inaonyesha pia kiwango ambacho mapigo 95 kati ya 100 hayakukivuka. Wastani hauniambii kitu. Mtoto haoni wastani, anaona lile pigo moja lililomrudishia jiwe.

Na usiangalie asilimia ya prosesa kwa ujumla. Mashine yangu ina kori nne. Sehemu kubwa ya kazi ya dunia ya mchezo inafanywa na uzi mmoja, kwa hiyo kori moja inaweza kuwa imejaa mpaka pomoni huku kioo kinakuonyesha asilimia 27 na kitu, nawe unadhani mashine imelala.

Kesho yake mdogo wangu alikuja na wenzake watatu baada ya masomo. Roboti 60 zilikuwa bado ndani, zimesimama kwenye uwanja wa kuanzia kama watu wanaongoja basi. Nikawaambia watoto waingie wazichape tu, wajifurahishe. Hawakuzichapa. Walitawanyika, kila mmoja na upande wake, wanakimbia kutafuta miti na mapango. Haikupita dakika moja, mdogo wangu akapiga kelele: "Yaya, iko inakwama!"

Nikamwambia haiwezekani, ina watu 60 tangu jana na haijatikisika.

"Njo vile," akasema, na akanionyesha. Alivunja mti, mti ukarudi.

Nikatazama `/mspt`. Wakati roboti zimesimama peke yake ilikuwa 12. Sasa mapigo yalikuwa yanaruka mpaka 90, mpaka 140. Watoto wanne wamefanya ambacho roboti 60 hazikufanya.

Sababu niliijua, nilikuwa tu sijaifikiria. Dunia ya Minecraft imekatwa vipande vya hatua 16 kwa 16. Seva ikiwa na `view-distance=10`, kila mchezaji ana mraba wa hadi vipande 21 kwa 21 unaomzunguka, yaani 441. Roboti 60 zilizosimama mahali pamoja zinatumia vipande vilevile, na seva imeshavibeba. Mtoto anayekimbia anadai safu mpya ya vipande kila baada ya hatua 16, na kama hakuna mtu aliyewahi kupita huko, seva inalazimika kuviumba upya: milima, madini, mapango, mapori. Watoto wanne kwenye pande nne ni dunia nne zinazoumbwa kwa wakati mmoja. Halafu nilikuwa nimeweka roboti kwenye mashine ileile ya seva, kwa hiyo zilikuwa zinagombania kori na ule mchezo niliotaka kuupima.

Nikaanza upya. Roboti nikazirudisha kwenye laptopu, na kwa muda wa majaribio tu nikaweka `connection-throttle: -1`. Nikaziandikia tabia kwa kufuata shindano letu lilivyo: wote wanaanza katikati, wanatawanyika kutafuta vifaa, mpaka wa dunia unawabana kidogo kidogo, mwishoni wanakutana na kupigana. Roboti zikapewa kila moja mwelekeo wake, zikimbie, ziruke, zivunje mti zikiukuta. Nilipanga kuongeza tano tano na kukaa dakika tano kila ngazi, kwa sababu dakika za mwanzo Java inayoendesha seva bado inapasha moto misuli na namba zake si za kuaminika.

Roboti 20: mapigo 95 kati ya 100 yalikaa chini ya milisekunde 30. Roboti 30: chini ya 43. Nikapeleka 40 nikitegemea kuona 60 au zaidi. Ikaja 36.

Hapo nilisimama. Mzigo umeongezeka, uchovu umepungua? Hata punda hafanyi hivyo. Nilirudia mara mbili, nikapata karibu vilevile. Ningekuwa na haraka ningefurahi na kumpigia mama simu. Lakini nilisikia feni ya laptopu ya roboti inapiga kelele kama mashine ya kusaga unga, na hapo nikaelewa: laptopu imeelemewa. Kila roboti lazima ipige hesabu za mwili wake mara 20 kwa sekunde, na ibebe ramani yake ya dunia. Laptopu ikishindwa, roboti zinapunguza mwendo, zinatuma hatua chache, na seva inapata nafasi ya kupumua. Nilikuwa napima udhaifu wa laptopu na kuuita nguvu ya seva.

Tangu siku ile kila programu yangu ya roboti ina saa hii ndani yake:

```js
let mwisho = Date.now()
setInterval(() => {
  const sasa = Date.now()
  const chelewa = sasa - mwisho - 1000
  if (chelewa > 50) console.log('laptopu imechoka', chelewa)
  mwisho = sasa
}, 1000)
```

Saa inaamka kila sekunde na kujiuliza kama imeamka kwa wakati. Ikichelewa zaidi ya milisekunde 50, matokeo ya ngazi ile nayatupa. Na kuna njia nyingine isiyohitaji hata programu: chukua idadi ileile ya roboti, uigawe kwenye laptopu mbili au tatu. Kama namba za seva hazibadiliki, ulikuwa unapima seva. Zikibadilika, ulikuwa unapima laptopu. Nikaazima mbili, moja kwa jirani anayesoma UNILU, nyingine kwa shemeji. Roboti 40 zilezile, kwenye laptopu tatu: 81.

Njiani kulikuwa na kishawishi kingine nacho. Ili kupunguza kumbukumbu inayoliwa, unaweza kuiambia roboti ione karibu tu, `viewDistance: 'tiny'`, na laptopu inapata nafuu kubwa. Lakini seva nayo inapata nafuu, kwa sababu inaitumia roboti ile vipande vichache kuliko itakavyomtumia mtoto ambaye ameweka kioo chake kione mpaka mwisho wa upeo. Niliiacha.

Kwa hiyo kikomo kilikuwa roboti 30. Je, roboti moja ni sawa na mtoto mmoja? Hili ndilo swali ambalo karibu nilirukie, na naona ndilo lililoniokoa. Mtoto anafungua sanduku, anamwaga ndoo ya maji, anapika nyama, anatupa vitu chini, anachimba shimo bila sababu yoyote. Roboti yangu inajua kukimbia na kukata miti. Nikawaalika watoto wanane Jumamosi, wakacheza nusu saa kama siku ya shindano, kwa malipo ya soda. Kisha nikaweka roboti nane kwenye dunia ileile, iliyorudishwa upya, muda uleule.

Seva ikiwa tupu, pigo lilikuwa linachukua milisekunde 4. Na watoto wanane likafika 14. Na roboti nane, 11. Ukitoa zile 4 ambazo si za mtu, watoto wameongeza 10 na roboti zimeongeza 7. Mtoto mmoja kwa hiyo ana uzito wa karibu roboti moja na nusu kasoro, tuseme 1.4. Gawa 30 kwa 1.4, unapata watoto 21.

Mwaka jana tulikwama tukiwa na 27. Nilipoiona ile 21 nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja.

Kugawanya hivi kuna mpaka wake, lazima niseme. Kunafaa pale watu wametawanyika, ambapo kila mtu anajiletea mzigo wake mwenyewe. Wakikusanyika, hesabu inabadilika sura, kwa sababu kila hatua ya mmoja lazima itangazwe kwa wote wanaomwona. Watu 20 mahali pamoja ni matangazo 20 mara 19, yaani 380. Watu 40 ni 40 mara 39, yaani 1560. Umeongeza watu mara mbili, mzigo umeongezeka mara nne. Niliogopa sana ile hatua ya mwisho ya mapigano, mpaka nilipokumbuka kwamba mwishoni wanabaki wachache. Halafu nikakumbuka tena kwamba waliokufa hawaondoki! Wanageuka watazamaji, wanaruka angani, na wote wanakwenda kusongamana juu ya wale wawili wa mwisho. Nikaijaribu kwa roboti, na ndiyo, walewale waliokufa walikuwa wanaelemea seva kuliko waliokuwa hai. Dawa ilikuwa rahisi: anayekufa anatoka kwenye seva, anakwenda kutazama kwenye kioo kikubwa cha ukumbi pamoja na wengine. Mama alipenda, kwa sababu kioo kile kiko karibu na meza yake ya maandazi.

Marekebisho yenyewe hayakuwa mengi. Niliumba dunia yote mapema kwa plagini ya Chunky, `/chunky radius 1000` kisha `/chunky start`. Ni vipande zaidi ya 15 000, na mashine yangu ilimaliza ndani ya dakika chini ya ishirini. Kazi iliyokuwa inawaua watoto mchana ikawa imefanywa usiku. `view-distance` nikaishusha kutoka 10 hadi 7, `simulation-distance` kutoka 10 hadi 5, maana hakuna anayehitaji ng'ombe wa mbali kiasi kile watembee. Nikarudia ngazi zote kwa laptopu tatu. Sasa roboti 50 zilikaa chini ya 44, na 55 zikavuka 50. Hamsini kwa 1.4 ni watoto 35. Nikaondoa watano wa tahadhari, kwa sababu nilikuwa nimepima usiku na Oktoba mchana ukumbi ule unakuwa tanuri. Thelathini.

Nikaenda kwa mama na namba yangu. Alikuwa anahesabu bukari za mchana.

"Mama, tutapata thelathini. Si makumi ine na munane."

Akanyamaza kidogo. "Sasa bale bengine, nibarudishie makuta tena?"

Nikamwambia hapana: makundi mawili ya 24, kumi na wawili bora wa kila kundi waende fainali, nao ni 24. Hakuna mchezo utakaozidi 24. Akauliza kama siku itatosha. Itatosha. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia kwamba nina uhakika wa 30, na ndiyo maana naomba 24.

Jambo moja lilibaki, na hapa kwetu huwezi kuliacha: kurani, yaani umeme. Mashine ya seva ilikuwa kwenye ondileri, betri inayoshika umeme ukikatika, tangu zamani, kwa hiyo nilijiona salama. Nikafanya jaribio la kuchomoa umeme roboti 24 zikiwa ndani. Seva haikusikia kitu, lakini swichi ya kebo ilikufa, roboti zote zikakatika, na iliporudi zote 24 zikagonga mlango kwa pamoja. Pigo moja lilichukua karibu sekunde mbili, na ilipita kama theluthi moja ya dakika kabla seva haijatulia. Nikahamishia na swichi kwenye ondileri ileile. Kebo ya pili ya umeme, dakika tano za kazi.

Siku yenyewe, kundi la kwanza lilikwenda na mapigo 95 kati ya 100 chini ya 29. Nilikuwa nimekaa na daftari langu kama karani wa uchaguzi. Kisha watoto watatu wakaanza kulalamika kwamba wanakwama, na moyo ukanishuka mpaka miguuni. Nikatazama seva: milisekunde 24, imetulia. Watatu tu, na wote watatu walikuwa wamekaa ukutani, na laptopu zao wenyewe, kwa waifai, kwa sababu kebo zilikuwa hazitoshi. Roboti zangu zote zilikuwa kwenye kebo. Sikuwahi kupima njia ya hewani hata mara moja. Tukawatafutia kebo kutoka kwenye kompyuta za waliokwisha kufa, tukaendelea.

Kwenye kundi la pili, dakika ya kumi hivi, akatokea mchezaji ishirini na tano. Hakuna aliyemjua. Alikimbia moja kwa moja kuelekea mashariki bila kugeuka, akifika kwenye mti anaukata, anaendelea. Nilichukua muda kusoma jina lake: roboti17. Mtu alikuwa amefungua laptopu ya shemeji pale pembeni ili achaji simu yake, dirisha moja la programu lilikuwa halijafungwa, ikaamka usingizini na kuunganisha yenyewe, na mimi nilikuwa sijaondoa majina ya roboti kwenye `whitelist`. Kabla sijaifikia laptopu, msichana mmoja wa Katuba aliikuta roboti17 inakata mti, akaiua kwa shoka, na akaja mezani kwangu na kichwa juu kudai pointi yake. Tulibishana mpaka mama akaamua apewe.